Nimewekwa kwenye PIP yenye malengo yasiyofikika: nisubiri au niondoke?

*Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni ofisa mikopo wa taasisi ndogo ya fedha, tawi la Mbagala, huu mwaka wa tano, mkataba wa kudumu. Sijawahi kupewa barua ya onyo. Mwezi Machi alikuja meneja mpya wa tawi. Wiki iliyopita aliniita akanipa PIP, yaani mpango wa kuboresha utendaji, ya siku 30: nishushe PAR 30, yaani sehemu ya mikopo yangu iliyochelewa zaidi ya siku 30, kutoka asilimia 14 hadi 5, na papo hapo nimesimamishwa kutoa mikopo mipya. Potifolio yangu ni milioni 180, mibovu ni kama milioni 25, na kati ya hiyo milioni 14 nilirithi kwa mwenzangu aliyehamishwa. Naambiwa nisaini, sijasaini. Rafiki yangu wa makao makuu ananinong'oneza kuwa matawi yatapunguza watu. Je, hii si njia ya kunitoa? Si bora niache mwenyewe kabla ya kufukuzwa?*

Dada, usiache kazi. Nitakueleza sababu huko mbele, ila hilo la kusaini tulimalize kwanza maana linakuharibia kila siku inayopita.

Kukataa kusaini hakuizuii PIP. Meneja ataita shahidi, ataandika chini ya karatasi "amekataa kupokea", na ghafla wewe uliyekuwa na tatizo la utendaji unakuwa mtu anayekaidi maagizo. Nenda kachukue karatasi, usaini, na juu ya saini yako andika kwa mkono wako: "Nimepokea leo tarehe fulani. Sikubaliani na yaliyomo, majibu yangu yanafuata kwa maandishi." Piga picha au omba nakala. Saini ya namna hiyo inathibitisha kupokea tu, haithibitishi kukubali.

Sasa swali lako lenyewe. Nimekaa upande wa rasilimali watu kwa muda mrefu na nimeandika mipango ya aina hii. Ipo inayoandikwa kwa nia njema, na mtu anainuka. Ipo inayoandikwa baada ya uamuzi kupita, ili faili lisomeke vizuri. Ipo pia ya aina ya tatu ambayo watu huisahau: meneja mgeni aliyepewa malengo ya tawi na mkoa, akayagawa kwa maofisa bila kupiga hesabu. Ukiwa mezani mwake huwezi kutofautisha aina ya pili na ya tatu. Ubaya ni kwamba unaweza kumaliza siku zote 30 ukichunguza moyo wa meneja huku karatasi zikiendelea kuandikwa.

Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, haitauliza moyo wake. Kwa wafanyakazi wa sekta binafsi Tanzania, kipimo kiko kwenye Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, kanuni ya 17 na ya 18. Kanuni ya 17 inataka mambo matano yaangaliwe: je, mfanyakazi kweli alishindwa kufikia kiwango? Je, alikijua kiwango hicho, au alitarajiwa kukijua? Je, kiwango chenyewe kina mantiki? Kwa nini alishindwa? Na je, alipewa nafasi ya haki ya kukifikia? Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mwajiri ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba alikuachisha kwa haki. Kwa hiyo kazi yako ndani ya siku hizi ni kuhakikisha kwamba majibu ya maswali hayo, hasa la tatu, la nne na la tano, yako kwenye maandishi wakati bado uko kazini. Ukiyasema kwa mara ya kwanza baada ya kufukuzwa, yanasikika kama visingizio.

Tuanze na la tatu, maana hapo ndipo PIP yako inapovuja.

Unajua kuliko mimi kwamba PAR 30 haihesabu rejesho lililokosekana tu, inahesabu salio lote la mkopo uliochelewa zaidi ya siku 30. Mama wa kikundi mwenye salio la shilingi 1,200,000 aliyekosa marejesho sita ya wiki, 50,000 kila moja, anakuingizia 1,200,000 nzima ingawa alichochelewesha ni 300,000. Akilipa marejesho mawili ya zamani zaidi na kuendelea na yale ya kila wiki, salio lote linatoka. Wateja wa namna hiyo ndio unaoweza kuwafuata ndani ya mwezi. Lakini aliyekosa marejesho kumi na manne lazima atoe kama nusu milioni kwa mkupuo ili atoke, na anayekosa 50,000 kwa wiki hana nusu milioni. Nadhani sehemu kubwa ya ile mikopo uliyorithi iko kwenye kundi hili la pili.

Sasa tazama walichokufanyia kwenye hesabu. Potifolio ni milioni 180 na mibovu ni milioni 25.2, ndiyo asilimia 14. Tuseme wateja wako wazuri mwezi huu wanarejesha milioni 15, kama wanavyotakiwa. Kwa kuwa umezuiwa kutoa mikopo mipya, salio linashuka hadi 165. Mibovu ikibaki ileile, 25.2 kwa 165 ni asilimia 15.3. Yaani wateja wako wazuri wakilipa vizuri, kipimo chako kinazidi kuwa kibaya. Twende upande wa pili: chukua kwamba umefanya muujiza, umesafisha mikopo mibovu yote uliyoitoa wewe mwenyewe, milioni 11.2. Inabaki 14 ya kurithi. 14 kwa 165 ni asilimia 8.5. Hata hapo umefeli PIP, na umefeli kwa mikopo ambayo hukuichambua, hukuiidhinisha wala hukuitembelea ilipokuwa ikitolewa.

Hesabu hiyo ndiyo silaha yako, na nakusihi usiigeuze kuwa malalamiko. Usiandike "meneja ananichukia" wala "najua mnapunguza watu". Andika ndani ya siku chache zijazo, kwa barua pepe ya kazi, kwa meneja na nakala kwa ofisi ya rasilimali watu. Kitu kama hiki:

"Nimepokea mpango wa tarehe fulani na niko tayari kuutekeleza. Naomba yafuatayo yazingatiwe. Kwanza, kati ya mikopo iliyochelewa ya milioni 25.2, milioni 14 ilikabidhiwa kwangu tarehe fulani ikiwa tayari imechelewa; orodha ya namba za mikopo ipo kwenye mfumo. Pili, kwa kuwa nimesimamishwa kutoa mikopo, salio linapungua na asilimia inapanda hata nikikusanya, hesabu nimeiambatisha. Napendekeza mikopo ya kurithi ipimwe peke yake kwa kiasi cha fedha kilichokusanywa, mikopo yangu ipimwe kwa PAR, niruhusiwe kuwahudumia wateja wa zamani wenye rekodi nzuri, na muda uwe siku 90. Naomba pia mafaili ya wadhamini wa mikopo ya kurithi na siku mbili kwa wiki za kufuatilia pamoja na ofisa wa sheria. Tunaweza kukutana lini?"

Barua hii ina faida mbili. Kama meneja ni wa aina ya tatu, umemsaidia. Wapo wanaosoma hesabu kama hiyo, wanakuna kichwa, wanarekebisha mpango. Kama ni wa aina ya pili, atakujibu kwa mstari mmoja kwamba malengo yanabaki, au hatajibu kabisa. Ukimya huo nao ni ushahidi. Kanuni ya 18 inamtaka mwajiri achunguze sababu za utendaji mbovu, atoe mwongozo, maelekezo au mafunzo panapohitajika, na ampe mfanyakazi muda wa kutosha kubadilika. Muda wa kutosha hautajwi kwa siku. Unategemea aina ya kazi, ukubwa wa tatizo, cheo, urefu wa utumishi na rekodi ya nyuma. Mtu wa mwaka wa tano asiye na onyo hata moja ana hoja nzuri ya kuomba zaidi ya siku 30, tena kwenye kazi ambayo mkopo wenyewe huchukua miezi kuisha.

Nisisitize kitu: kiwango cha asilimia 5 chenyewe si cha ajabu. Taasisi nyingi za mikopo midogo zinakitaka, na mwajiri ana haki ya kukiweka. Ukienda CMA ukasema kiwango ni kikubwa mno utaonekana mtu asiyeijua kazi yake. Hoja yako ni kwamba kutoka 14 hadi 5 ndani ya mwezi mmoja, ukiwa umefungwa mkono mmoja na kubebeshwa mzigo wa mwenzako, hakuwezekani. Angalia pia wenzako tawini: kama ofisa mwingine ana PAR ya 16 na hajapewa PIP, hilo ni jambo la kuuliza kwa maandishi, kwa adabu, bila kumtaja jina.

Halafu fanya kazi kwelikweli. Kila jioni jiandikie kwenye daftari umemtembelea nani, amelipa nini, nani hakupatikana, uliomba gari ukajibiwa nini. Kila kikao na meneja, ukitoka mtumie barua pepe fupi: "Ahsante kwa kikao cha leo, nilivyoelewa tumekubaliana hivi na hivi." Meneja akiahirisha vikao vya tathmini vilivyoandikwa kwenye mpango, mkumbushe kwa barua pepe hiyohiyo. Kwenye PIP za geresha vikao ndivyo vinavyokufa kwanza, kwa kuwa mtu aliyekwisha kuamua haoni haja ya kukaa na wewe kila Ijumaa.

Sasa niingie kwenye hatari ninayoiogopa zaidi kuliko PIP yenyewe.

Kuachishwa kwa utendaji duni na kufukuzwa kwa utovu wa nidhamu ni vitu viwili. Ukiachishwa kwa utendaji, bado unadai mshahara wa siku ulizofanya, likizo ambayo hukuchukua, notisi ya siku 28 au malipo yake, nauli ya kurudi ulikoajiriwa kama uliajiriwa kwingine, cheti cha utumishi, na kiinua mgongo, ambacho ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Tuseme mshahara wako wa msingi ni 780,000 na mnafanya kazi siku sita. Gawanya kwa 4.333 unapata 180,000 kwa wiki, gawanya kwa sita unapata 30,000 kwa siku. Miaka minne mara siku 7 mara 30,000 ni shilingi 840,000. Ukifukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu, hiyo 840,000 inaondoka, na jina lako kwenye soko la mikopo linaondoka nayo.

Ndiyo maana PIP isiyokwenda vizuri kwa mwajiri wakati mwingine hugeuzwa katikati ya safari kuwa kesi ya nidhamu. Na maofisa mikopo ndio wanaoongoza kujitia kitanzini wenyewe, kwa kuwa shinikizo la PAR linawafundisha njia za mkato. Usimlipie mteja kwa pesa yako ili atoke kwenye orodha. Usimtafutie mteja mkopo mpya kwa jina la shemeji yake alipie wa zamani. Usipokee marejesho mkononi ukaahidi kuyaingiza kesho. Usibadilishe tarehe za marejesho kwenye mfumo bila idhini iliyoandikwa. Lolote kati ya hayo likionekana, hakuna atakayejadili tena kama asilimia 5 ilikuwa na mantiki.

Hali kadhalika ushahidi. Najua kishawishi cha kujitumia orodha nzima ya wateja kwenye barua pepe yako binafsi. Zile ni taarifa binafsi za watu, zinalindwa na sheria ya 2022, na karibu kila mkataba wa taasisi ya fedha una kifungu cha siri. Unachohitaji nyumbani ni PIP yako, barua zako na majibu yake, tathmini zako za miaka iliyopita, mkataba, na hati ya makabidhiano ya ile potifolio. Namba za mikopo zitaje tu kwenye barua; CMA ikihitaji orodha, mwajiri ataamriwa kuileta. Kama hati ya makabidhiano haikuwahi kuandikwa, leo hii muulize mkuu wa shughuli za tawi kwa barua pepe akuthibitishie tarehe na kiasi.

Ukiletewa barua ya kujieleza kuhusu nidhamu, ijibu ndani ya muda uliopewa, na kama kuna kikao cha nidhamu una haki ya kupewa muda wa kujiandaa, kwa kawaida usiopungua saa 48. Usikubali "njoo ofisini saa nane leo tumalize".

Kuhusu mnong'ono wa makao makuu: ukiwa wa kweli, jambo linabadilika sura. Kupunguza wafanyakazi kwa sababu za uendeshaji kuna utaratibu wake. Mwajiri atoe taarifa ya kusudio, aeleze sababu, na ajadiliane na chama cha wafanyakazi au na wafanyakazi wenyewe juu ya namna ya kuepuka au kupunguza zoezi, vigezo vya kuchagua watu, na malipo. Mjadala huo unachukua muda na unaleta kelele. Kumtoa mtu mmoja mmoja kwa PIP ni kimya zaidi. Basi tunza tarehe: nani mwingine kapewa PIP miezi hii, matawi gani, nafasi zao zimejazwa au zimefutwa. Ukiachishwa kwa "utendaji" na mwezi unaofuata kiti chako kinafutwa pamoja na viti vingine vinne, hiyo ni hoja nzito. Ila kwa sasa usiiandike popote, kwa sababu huna zaidi ya mnong'ono na utamchoma rafiki yako.

Kuacha mwenyewe sasa. Ukiandika barua ya kuacha kazi, mzigo wote unahamia kwako. Sheria inatambua kulazimishwa kuacha kazi, pale mwajiri anapofanya mazingira yasiyovumilika, lakini wewe ndiye utakayethibitisha kuwa hayakuvumilika na kwamba uliondoka kwa sababu hiyo. PIP yenye malengo mabaya, peke yake, mara chache inafika hapo. Matusi mbele ya wateja, kukatwa mshahara au kunyang'anywa kazi zote ni habari nyingine. Na hiyo ya "acha mwenyewe tulinde jina lako", ikija, ni ofa ya biashara. Jibu kwamba uko tayari kusikiliza pendekezo la maandishi. Wakileta makubaliano ya kuachana, yapime dhidi ya kile ambacho ungepata hata ukiachishwa: notisi, likizo, kiinua mgongo. Kama wanakupa hivyo tu na wewe unasaini kwamba hutadai kitu tena, hawajakupa chochote. Kwa mtu mwenye karatasi nzuri kama zako, mazungumzo yaanzie juu ya hapo kwa miezi kadhaa ya mshahara, pamoja na barua ya utambulisho isiyotaja PIP. Chukua siku mbili usome, umwoneshe mtu wa chama au wakili.

Kama muda wa mpango ukiisha na hawajaridhika, hawawezi kukukabidhi barua ya kuachishwa tu mlangoni. Mwajiri anatakiwa awe amekuonya kwamba bila mabadiliko ajira inaweza kusitishwa, kisha kabla ya kukamilisha uamuzi akuite kwenye kikao. Una haki ya kwenda na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama. Wakueleze sababu, wakusikilize, hoja wanazozikataa waseme kwa nini, na matokeo wakupe kwa maandishi. Nenda na barua yako ya hesabu, isome neno kwa neno, omba iingizwe kwenye muhtasari. Msaidizi wako awe mtu anayeweza kuandika haraka; msemaji hodari asiyeandika hakufai kitu siku ya CMA.

Kuna wasomaji wengine wenye hali tofauti kidogo. Mameneja na watu wa vyeo vya juu, ambao wanatarajiwa kujipima wenyewe, wanaweza kuachishwa bila kupewa kipindi kirefu cha kujirekebisha. Aliye chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo hana kinga hii ya kuachishwa isivyo haki. Watumishi wa umma wana njia yao ya rufaa. Wewe dada, humo hakuna panapokugusa.

Ukiachishwa, hesabu siku 30 kuanzia tarehe ya kuachishwa au ya uamuzi wa mwisho wa mwajiri. Ndani ya siku hizo ujaze fomu namba 1 ya CMA, umpelekee mwajiri nakala yenye uthibitisho wa kupokea, na uiwasilishe ofisi ya CMA ya eneo lako. Kufungua hakuna ada. Kwanza ni usuluhishi, ambako kesi nyingi za aina yako huishia kwa malipo yaliyokubaliwa mezani. Usipofanikiwa unakwenda kwenye uamuzi. Watu wengi wanapoteza siku hizo 30 kwa kusubiri ahadi ya simu kwamba "makao makuu wanalipitia suala lako". Mazungumzo yaendelee, lakini fomu iwe imeshapelekwa. Ukichelewa, lazima uombe kuongezewa muda na utoe sababu ya maana kwa kila siku uliyochelewa, na "waliniambia nisubiri" bila karatasi haijawahi kuwa sababu nzuri.